Homa Isiyokwisha na Damu Inayopungua: Panga Majibu kwa Tarehe

Mgonjwa akishakaa na homa zaidi ya wiki mbili, katika nyumba nyingi za kwetu huwa amekwisha kumeza dawa mseto ya malaria mara mbili, amechomwa sindano za taifodi, na mfuko wake wa karatasi za maabara umejaa. Ushauri wangu wa kwanza unahusu mfuko huo. Toa karatasi zote, tafuta zile za picha kamili ya damu, ambazo kwa kawaida huwa na herufi FBC au FBP juu yake, uzipange mezani kwa tarehe. Kisha chukua karatasi safi na uandike mistari mitatu tu: hemoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani, yaani zile zinazogandisha damu. Chini ya kila tarehe jaza namba yake.

Nasema hivi kwa sababu kila zahanati humwona mgonjwa wa siku moja. Daktari wa Jumatatu anaona damu imepungua kidogo, anaandika dawa ya kuongeza damu. Daktari wa wiki ya pili, kwenye kituo kingine, anaona chembe nyeupe ziko chini, anadhani ni kirusi kinachopita. Hakuna aliyekosea kwa alichokiona, lakini hakuna aliyeona mteremko. Ndugu anayemuuguza mgonjwa ndiye peke yake aliyekuwapo siku zote, na namba za aina zote tatu zikishuka pamoja huku homa ikiendelea, yeye ndiye anayeweza kuliweka jambo hilo mbele ya daktari kwa dakika moja.

Tumchukue mtoto wa mfano, mvulana wa miaka saba kutoka Marigat, kaunti ya Baringo. Homa ilianza jioni moja, ikawa inapanda usiku na kushuka kidogo asubuhi. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha anayo, akapewa dawa ya siku tatu. Homa haikuondoka. Siku kumi baadaye alipimwa tena kwa kipimo kilekile, kikaonyesha malaria tena, akapewa dawa tena. Hapa pana mtego ambao kila mzazi anapaswa kuujua: vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza dawa juzi akipimwa kwa kipimo cha haraka, jibu la “anayo” halithibitishi kwamba malaria imebaki. Mwombe daktari ili mtoto apimwe kwa darubini. Kama darubini haioni vimelea na homa bado ipo siku tatu baada ya dozi kamili, acheni kuitibu malaria na mtafute kitu kingine.

Baada ya malaria ikaja taifodi, kwa kipimo cha Widal. Kipimo hiki huonyesha kingamwili, nacho hukosea mara nyingi mno mahali ambapo watu wengi wamewahi kupata maambukizi ya aina hiyo. Kipimo cha kuotesha damu ndicho chenye uzito. Mvulana wetu alipewa sindano za siku saba, homa ikabaki palepale, na sasa mama yake akagundua kwamba upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, pana kitu kigumu. Ilikuwa bandama.

Karatasi zake tatu za damu, zikipangwa, zilisema hivi. Wiki ya pili hemoglobini ilikuwa 10.1, chembe nyeupe 5.2 na chembe sahani 168. Wiki ya tatu zikawa 8.6, 3.1 na 96. Wiki ya tano zikawa 6.9, 1.8 na 41. Malaria inaweza kushusha chembe sahani, nayo hupona. Upungufu wa madini ya chuma hushusha hemoglobini, lakini haugusi chembe nyeupe namna hii. Aina zote tatu zikishuka kwa wiki tatu mfululizo, bandama ikikua na homa ikibaki juu ya nyuzi 38.5, mtoto huyu hana kazi tena zahanatini. Anahitaji hospitali yenye maabara kubwa, na kipimo kimoja ambacho huenda hakuna aliyekiomba bado: feritini.

Feritini ni protini inayohifadhi madini ya chuma. Kwa kawaida hupimwa kumtafuta mtu mwenye upungufu wa chuma, na kwake huwa chini. Kwa mtu mzima mwenye afya, haizidi sana mia mbili au mia tatu za mikrogramu kwa lita. Mvulana wetu alikuwa na 12,600. Namba ya namna hiyo kwa mtoto mwenye homa inamfanya daktari wa damu asimame, kwa kuwa magonjwa yanayoipandisha feritini ya mtoto kupita elfu kumi ni machache, na linaloogopwa zaidi kati yake ni limfohistiositosisi ya hemofagosaitiki, ambayo kila mtu wodini huiita HLH.

Kinachotokea katika HLH ni kinga ya mwili kushindwa kujizima. Kwa kawaida chembe nyeupe za kuua hushambulia chembe zilizoambukizwa, zikamaliza kazi, kisha zikawekwa chini ya ulinzi. Katika HLH breki hiyo haishiki. Chembe za kuua zinaendelea kutoa kemikali za kuchochea, na kemikali hizo zinaziamsha makrofaji, zile chembe kubwa zinazomeza uchafu mwilini. Makrofaji zilizochochewa kupita kiasi huanza kumeza hata chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, nyekundu, nyeupe na sahani, ndani ya uboho, ini na bandama. Ukilielewa hilo, dalili zote zinapangika. Homa inatoka kwenye kemikali zile. Bandama inavimba kwa kujaa makrofaji. Damu inapungua kwa kuliwa, na pia kwa sababu uboho unazimwa. Feritini inapanda kwa kuwa makrofaji hizo huitoa kwa wingi.

Wapo wanaozaliwa na kasoro hiyo ya breki. Mwaka 1952 ilielezwa kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa huu unaweza kukimbia katika familia, na mwaka 1999 ikagunduliwa kasoro katika jeni ya perforini, protini ambayo chembe za kuua huitumia kutoboa adui. Kwa watoto wachanga, hasa chini ya mwaka mmoja, aina hii ya kurithi huwa mbele ya mawazo ya daktari. Mwambie wazi kama wazazi ni binamu au wana ukoo mmoja, na kama kuna mtoto mwingine aliyekufa mdogo kwa homa isiyojulikana. Watu hulificha jambo hili kwa aibu au kwa kuogopa kuonekana wana mkosi, na daktari anakosa habari ambayo hakuna kipimo cha siku moja kitakachompa. Aina hiyo hutulizwa kwa dawa, lakini tiba yake ya kudumu ni kupandikiziwa uboho.

Kwa wengine wote, na mvulana wetu ni mmoja wao, kinga huchochewa na kitu kilichoingia baadaye: kifua kikuu kilichosambaa, maambukizi ya VVU, kirusi cha Epstein-Barr, saratani ya limfu, ugonjwa wa baridi yabisi wa aina fulani. Na katika maeneo makavu ya Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na Marsabit kuna kala-azar, inayoenezwa na mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye huko Baringo hupenda kujificha kwenye vichuguu mchana na kuuma usiku. Kala-azar peke yake huleta homa ndefu, bandama kubwa na upungufu wa chembe zote za damu. Inaweza pia kuichochea HLH kamili. Tofauti ya mambo haya mawili haionekani kwa macho, na ndiyo maana namuusia msomaji: jina HLH likitajwa, swali la pili lazima liwe, “Nini kilichoiwasha?”

Namna madaktari wanavyoithibitisha HLH yenyewe ni kwa vigezo vilivyowekwa mwaka 2004. Viko vinane, na vikitimia vitano inatosha. Mvulana wetu alikuwa na homa. Alikuwa na bandama kubwa. Damu yake ilikuwa chini katika aina mbili au zaidi, kwa kuwa kigezo hutaka hemoglobini chini ya 9, chembe sahani chini ya 100, au nutrofili chini ya elfu moja. Feritini yake ilizidi 500, na hiyo ndiyo namba ya kigezo, ingawa mtu mwenye 600 hatishi kama mwenye elfu kumi na mbili. Cha tano ni mafuta ya trigliseridi kupanda au fibrinojeni kushuka, naye alikuwa na vyote viwili. Vigezo vitatu vilivyobaki vinahitaji uboho, au vipimo vya kinga ambavyo maabara nyingi za kwetu hazina. Hospitali isiyo na vipimo hivyo viwili vya kinga isikukatishe tamaa. Homa, bandama, damu, feritini na trigliseridi hupatikana katika hospitali nyingi kubwa, na vinatosha kumfikisha daktari kwenye uamuzi.

Kuna dalili moja ya maabara inayopita bila kuonwa, nami naitaja kwa sababu inapatikana hata hospitali ya kawaida. Kasi ya kuzama kwa damu, ile inayoandikwa ESR, hupanda mtu akiwa na maambukizi makali. Katika HLH, fibrinojeni inapoliwa, ESR inaweza kushuka ghafla wakati mgonjwa anazidi kuwa hoi. Mvulana huyu alikuwa na 88 wiki ya tatu, ikawa 14 wiki ya tano, huku kipimo kingine cha uvimbe, CRP, kikiwa bado juu sana. Mtu asiyejua angeshangilia ile 14.

Feritini nayo ina mipaka yake. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na feritini ya maelfu bila HLH yoyote, kwa sababu ya chuma kilichorundikana. Ini likiharibika vibaya feritini hupanda. Mtu mzima mwenye VVU na kifua kikuu kilichosambaa anaweza kuwa nayo juu sana pia. Kwa hiyo namba isiyoambatana na mteremko wa damu, homa na bandama haitoshi kumpa mtu jina la HLH, na namba inayopimwa mara mbili, kwa tofauti ya siku mbili au tatu, inasema mengi kuliko namba moja. Ikiruka kutoka elfu tatu hadi elfu kumi na mbili ndani ya siku tatu, hapo hakuna muda wa kungoja kliniki ya wiki ijayo.

Sasa twende kwenye uboho, kipimo ambacho familia nyingi hukikataa. Daktari huchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma, baada ya ganzi, akavuta uteute kidogo. Kuna maumivu makali ya sekunde chache wakati wa kuvuta, kisha kidonda hufungwa na mgonjwa hulala juu yake kwa muda ili damu isimame. Hakigusi uti wa mgongo, hakileti kupooza. Kwa mvulana wa Marigat, kipimo cha haraka cha kala-azar kilikuwa kimesema hana. Kipimo hicho hukosea zaidi Afrika Mashariki kuliko Uhindi, kwa hiyo jibu la “hana” kwa mtoto wa Baringo mwenye bandama kubwa halifungi mlango. Uboho wake chini ya darubini ulionyesha makrofaji zilizomeza chembe za damu, na ndani ya makrofaji nyingine vimelea vya leishmania, vidogo mno, vikiwa vimejipanga kwa makundi.

Hapo mwelekeo wa tiba ukabadilika kabisa. HLH ambayo haina chanzo kinachotibika haraka, au inayomwangusha mgonjwa, hutibiwa kwa deksamethazoni, miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, ikipunguzwa taratibu kwa wiki nane, pamoja na etoposidi, dawa ya saratani inayoziua chembe za kinga zilizokataa kutulia. Etoposidi imeokoa watoto wengi waliokuwa wakifa ndani ya miezi michache. Lakini ukimpa mtoto mwenye kala-azar iliyojificha, umeivunja kinga yake mbele ya kimelea chake. Mvulana huyu alihitaji dawa ya kuua leishmania: amfoterisini B ya liposomu kwa mshipa, miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo kila siku, jumla isizidi 30 kwa kilo katika tiba yote. Kwa HLH ya kala-azar, mara nyingi dawa hiyo peke yake inatosha, na moto wa kinga unazimika wenyewe kimelea kikifa. Wakati wa tiba hupimwa figo na potasiamu, kwa kuwa dawa inaweza kuvisumbua vyote viwili. Alipewa pia damu, kwa sababu 6.9 ilikuwa ikiendelea kushuka. Homa ilianza kulegea kabla ya wiki kwisha, chembe sahani zikaanza kupanda, na feritini ya siku ya kumi ilikuwa chini ya elfu mbili. Bandama ndiyo ya mwisho kurudi, huchukua miezi.

Sipendi kabisa dawa za steroidi zinavyotolewa kienyeji. Homa ikikaa, mtu dukani anauza deksamethazoni au predinisoloni, mgonjwa anapata nafuu ya siku tatu, familia inashukuru. Nafuu ile ni ya kweli na ndiyo hatari yake. Steroidi inaziyeyusha chembe za saratani ya limfu kwa siku kadhaa, kiasi kwamba kipande kitakachokatwa kwenye tezi kinaweza kisionyeshe kitu. Daktari wa damu anabaki na mgonjwa mwenye HLH na asiyejua iliwashwa na nini. Kama mgonjwa wako amekwisha kupewa, usione haya kusema. Andika jina la dawa, kiasi na siku alizotumia, umpe daktari. Kwa upande wa pili, pale ambapo mgonjwa anaanguka, presha inashuka, anachanganyikiwa au anatokwa damu, madaktari wanaweza kuanza steroidi usiku uleule, baada ya kuchukua damu na uboho. Hapo usipinge. Swali lako liwe tu kama vipimo vya chanzo vimeshachukuliwa kabla.

Mambo ya nyumbani ni machache lakini yana uzito. Mtu mwenye chembe sahani 41 na bandama kubwa asikandwe tumbo na mtu yeyote, hata mkandaji hodari wa mtaani, na asichanjwe chale upande wa bandama, kwa kuwa bandama iliyojaa inaweza kupasuka na chale zisiache kutoka damu. Asipewe aspirini wala ibuprofeni. Kataa sindano ya diklofenaki ya tako, maana damu inaweza kujaa ndani ya msuli. Mwombe muuguzi dawa ya kumeza au ya mshipa. Parasetamo kwa kipimo cha uzito wake inatosha kwa homa, ila kama macho yamekuwa manjano mwambie daktari kabla ya kuendelea nayo, kwani ini linaweza kuwa limeathirika. Ukiona vitone vyekundu vya ngozi visivyopotea ukivibonyeza, damu kwenye fizi, choo cheusi kama lami, au mgonjwa anayelala mchana kutwa na kuongea maneno yasiyoeleweka, usisubiri asubuhi.

Unapompeleka hospitali ya rufaa, nenda na ile karatasi ya mistari mitatu. Chini yake ongeza mambo manne ambayo daktari atayahitaji: alikolala katika miezi sita iliyopita, hasa kama ni maeneo ya kala-azar, dawa zote alizotumia, hali yake ya VVU na lini alipimwa, na kama nyumbani kuna mwenye kifua kikuu. Kisha omba kwa adabu, lakini bila kuzunguka: “Daktari, naomba tumpime feritini, na tuangalie kama hii inaweza kuwa HLH.” Wahudumu wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa HLH aliyetambuliwa, na wengi wanashukuru kukumbushwa. Ukijibiwa kwamba kipimo hakipo, uliza kama sampuli inaweza kupelekwa maabara ya nje, ambako feritini hupimwa kila siku kwa mashine ya kawaida.

Baada ya kutoka wodini kazi ya ile karatasi haijaisha. Endelea kujaza namba kila anapopimwa. Mtoto aliyetibiwa kala-azar afuatiliwe kwa miezi sita angalau, kwa sababu inaweza kurudi. Miezi au hata mwaka baadaye wengine hupata vipele au mabaka ya ngozi usoni, ambayo ni mabaki ya ugonjwa uleule na si mzio wa chakula. Aliyepata HLH kwa sababu ya VVU aendelee na dawa zake bila kuruka siku. Na yeyote kati yao akipata homa mpya inayopita siku tatu, apimwe picha kamili ya damu na feritini siku hiyohiyo, kabla hajapewa dozi nyingine ya kubahatisha.